Tarehe ya Mifuko

Tajiri Rajeshwar, mwenye duka la pembejeo, alibonyeza kikokotoo. "Deni na riba, elfu arobaini na nne na mia nane. Pamba yako imeleta elfu arobaini na nne. Zimepungua rupia mia nane, dada. Mkufu utabaki kwangu mpaka msimu ujao, na riba inaendelea."

Yadamma alishika shingo yake. Tangu Juni, mkufu wake wa ndoa ulipolala kwenye sefu ya tajiri kama dhamana, alikuwa anavaa uzi uliopakwa bizari, kama mke aliyeweka mkufu wake rehani. Majirani walikuwa wakiuangalia uzi kabla ya kumsalimia, na jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

"Tulikubaliana mbili kwa mia kwa mwezi," alisema. "Mbegu na mbolea ya kupandia, elfu ishirini na nne, nilichukua Juni. Yurea na dawa, elfu kumi na sita, nilichukua katikati ya Septemba. Mbona riba yote inaanza Juni?"

"Ankara ni moja, ya tarehe kumi na tano Juni. Alama hiyo ya kidole gumba ni ya nani, ya bibi yangu?"

Wapagazi wa duka walicheka. Kidole kilikuwa chake kweli. Siku ile ya Juni tajiri alimwambia kwamba ataandika mzigo wote mara moja, hata ule wa Septemba, ili asihangaike kuweka kidole tena, naye akakubali kwa ujinga wake. Alijilaumu vya kutosha; leo hakuja kujilaumu.

"Kaka, nani kapima pamba yangu?"

"Mimi mwenyewe, asubuhi."

"Ikiwa imefungwa kwenye nini?"

Akaenda kwenye mizani, akakunjua turubai lake la kubebea pamba. Alilishona mwenyewe kwa mifuko mitupu ya yurea aliyoichukua dukani hapo, kama wanawake wote wa kijijini. Akaliburuta hadi juu ya meza, juu ya kikokotoo na chai ya tajiri.

"Soma muhuri wa kiwanda. Mimi sijasoma, lakini mwanangu kanisomea yote."

Mpagazi mmoja akainama, akasoma kwa sauti: "Imefungwa Septemba."

"Basi Juni nilichukua mbolea ambayo haijatengenezwa? Tumwite bwana kilimo atufafanulie?"

Bwana kilimo ndiye anayetoa leseni, na bila leseni hakuna duka. Rajeshwar alivuta kikokotoo kutoka chini ya turubai, akapiga hesabu upya. Miezi sita kwa mzigo wa kwanza, elfu mbili mia nane na themanini. Miezi mitatu kwa wa pili, mia tisa na sitini. Jumla ya deni, elfu arobaini na tatu, mia nane na arobaini.

"Chenji yangu mia na sitini," Yadamma alisema. "Na uandike 'amemaliza', nimpelekee mwanangu asome."

Mkufu ulipotolewa kwenye sefu, aliuvaa palepale, mbele ya wapagazi. Kisha akakata uzi kwa meno, akauweka mezani.

"Huo ni wako, kaka. Fungia ankara zako, kila moja na siku yake."