Ujumbe Mmoja kwa Waalikaji Watano

Milembe alikuwa ameinama juu ya cherehani, anapiga pindo la kitenge cha sherehe ya jirani yake Salu, pale Salu mwenyewe alipoingia uani na chupa ya uji mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Kumbe umeamka! Mumeo kaniambia malaria imekulaza."

Milembe hakuwa na malaria. Alikuwa na kilemba cheusi juu ya kichwa kilichonyolewa, na mama aliyezikwa Ipililo wiki mbili zilizopita. Alipokea uji, akashukuru, akaona aibu mpaka masikioni. Salu hakuwa mjinga. Aliangalia mguu wa Milembe juu ya pedali, akaangalia kitenge, akaaga.

Huku Bariadi pamba ikishauzwa, sherehe hushonana. Tangu warudi msibani, Milembe na mumewe Deogratias walikuwa wamealikwa mara tano: sendofu ya kumuaga binti wa Salu, vipaimara viwili, ndoa moja Kimali, na harusi ya mtoto wa Dastan, mkuu wa Deogratias katika ofisi moja ya Lagangabilili. Milembe hakuweza. Kila akifikiria ngoma na vigelegele, aliona udongo wa Ipililo. Lakini Deogratias ni mtu asiyejua kusema hapana, akisukumwa hutafuta kisingizio.

Alipotoka kuoga alikuta chupa ya uji mezani.

"Umemwambia Salu nina malaria. Athanasi je, wa kipaimara?"

"Safari ya Mwanza."

"Na Kimali?"

"Mgongo wangu." Alikaa chini. "Wa kipaimara cha pili sijamjibu. Dastan nimemwambia tutajitahidi."

Milembe alisimamisha cherehani. "Tutajitahidi maana yake tunakuja, Deo. Sahani zetu zimeshahesabiwa. Halafu Athanasi na Salu wanasali kanisa moja. Jumapili wakikutana, mgonjwa ni nani na msafiri ni nani?"

"Ningemwambiaje Dastan? Ruhusa ya msiba ilikuwa siku nne. Siku ya tano alinipa kamati ya usafiri ya harusi yake, akaniingiza kwenye kundi lao la simu. Alisema, 'Matanga si yameshaanuliwa?' Na mkataba wangu unaisha Desemba, sahihi ni yake."

Hapo ndipo palipouma. Ofisini, mama wa mtu huliliwa siku nne. Milembe alimwonea mumewe huruma, na hasira pia.

"Lete simu. Tuandike ujumbe wa ukweli, mmoja kwa wote."

Deogratias aliandika ukurasa mzima: ugonjwa wa marehemu, hospitali, njia mbovu. Milembe alifuta. Akaandika "kwa bahati mbaya", akafuta. Akaandika "tukijaliwa", akafuta hilo haraka zaidi, maana lingerudisha sahani mezani. Walibaki na huu:

"Tumepokea mwaliko wenu, asanteni kwa kutukumbuka. Mama mzazi wa Milembe alifariki tarehe 3 Agosti. Hatutahudhuria sherehe yoyote hadi ipite misa ya arobaini, tarehe 12 Septemba. Nafasi zetu tafadhali wapeni wengine. Tunawatakia sherehe njema. Deogratias na Milembe."

"Usitume kwenye kundi la kamati," Milembe alisema. "Watajaza pole themanini, na bibi harusi ataonekana anacheza juu ya kaburi. Mtumie kila mtu kwake, uanze na jina lake. Uliowadanganya uwaombe radhi kwanza."

Kwa Dastan kidole cha Deogratias kilisita. Milembe hakumshika mkono. Alimwangalia tu, mpaka akabonyeza.

Athanasi alijibu kwanza: "Poleni sana. Nimeelewa, ndugu yangu." Kimali walipiga simu, wakauliza saa ya misa ili waje. Wa kipaimara cha pili alituma pole ya mstari mmoja. Salu hakuandika. Alipita nyuma ya uzio, akasema kwa sauti, "Mayu, uji unywe hivyo hivyo. Na hicho kitenge, kama moyo unakataa, nipe nimpelekee fundi mwingine."

"Ntamaliza, dada. Kushona naweza. Kucheza ndiyo siwezi."

Milembe alikunywa uji. Ulikuwa wa ulezi, bado wa moto.

Dastan alisoma. Hakujibu. Deogratias alivaa shati la kazini, akaketi, akasimama, akaichungulia simu kama chungu kinachotaka kufurika. Kisha ikalia mara moja. Alisoma, akaiweka mezani.

"Amesemaje?"

"Hajasema. Amenitoa kwenye kundi la kamati."

Wakaangaliana. Kundi lile lilikuwa likilia alfajiri, likilia wakati wa kula, lililia hata wakisali rozari ya marehemu. Milembe aliziba mdomo, lakini kicheko kilimtoka, cha kwanza tangu Ipililo. Deogratias naye akacheka, akijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Na Desemba je?"

"Desemba ni Desemba. Nenda kazini."

Akaondoka. Milembe aliiweka chupa ya Salu pembeni na kuvuta kitenge. Mashine ilipokuwa ikizunguka alimlilia mama yake, taratibu, kwa nafasi yake, na hakuna aliyemtaka aache.