Mistari Tisini ya Nabii

Nabii Kasanda angefika Jumamosi saa nane mchana, na angekuja kumtoa Glodie pepo la kula pesa. Hayo yaliamuliwa na Tantine Francine, dada wa baba yake Glodie, mwanamke mwenye sauti ya kutosha kuamua mambo ya mtaa mzima.

Ushahidi wake ulikuwa mzito. Tangu Glodie arudi kutoka shule ya bweni, pesa za nyumba zilikuwa zikiyeyuka. Mtoto huyo hucheka peke yake. Mwezi uliopita alikuwa ametia chumvi kwenye chai ya shemasi. Kosa hilo la mwisho Glodie alilikiri kwa moyo mkunjufu, lakini pesa hakuzigusa.

"Tantine, minyi sikuibake franga ya mutu."

"Sisemi unaiba. Unakula na roho. Weye hata hauyui."

Utani ulimwishia Glodie hapo. Alimjua msichana mmoja wa kambi ya askari iliyo jirani, ambaye watu wa Kasanda walimfungia siku tatu bila chakula. Alipotoka alikuwa anaongea kidogo sana, na wazazi wake wakamshukuru Mungu.

Baba yake, Papa Gamaliel, alikuwa karani wa shule ya Wametodisti. Hakumwamini nabii, na hakumwamini binti aliyetia chumvi kwenye chai. Kitu alichokiamini maishani ni karatasi yenye muhuri. Glodie akamshika hapo hapo.

"Papa, kabla banifunge, leta makaratasi ya miezi tatu. Ya kadi na ya simu."

"SMS nilishafuta zote. Simu ilijaa."

"Njo maana uende kwa ajansi. Menyu ya simu inaonyesha za mwisho tu."

Alhamisi Papa alikwenda na kadi yake ya mpigakura, kwa kuwa wakala hawezi kumpa mtu mwingine taarifa ya akaunti. Akarudi na kurasa saba zenye muhuri, pamoja na taarifa ya kadi kutoka benki. Walizitandaza mezani. Glodie hakutafuta kiasi kikubwa. Alitafuta kinachorudi: jina lile lile, kiasi kile kile, tarehe zinazokaribiana.

Kwenye kadi, kila tarehe kumi na nne, dola tano zilikatwa kwa ajili ya kuhifadhi picha.

"Hiyo ilikuwa bure!" Papa alipinga.

"Mwezi wa kwanza, Papa."

"Na ile simu ya hizo picha baliiba ku Bukama!"

"Baliiba simu. Compte yako ya picha iko mu internet, inaendelea kulipa."

Chini yake kulikuwa na dola kumi za filamu. Papa aliifuta programu hiyo zamani, akaamini amemaliza kazi. Hakuwahi kufuta usajili wenyewe.

Kisha Glodie akafika kwenye karatasi za simu, na mkono wake ukasimama. Faranga elfu moja mia tano. Kesho yake, elfu moja mia tano. Kila alfajiri, hata Jumapili, mistari tisini bila kukosa hata mmoja: faranga laki moja na elfu thelathini na tano. Jina la mpokeaji lilikuwa SAUTI YA KASANDA.

Glodie akalisoma kwa sauti. Jikoni, Tantine Francine aliacha kutwanga.

"Kule ku kambi," alisema mlangoni, polepole. "Siku ya maombi. Balisema kila mutu abonyeze namba, apate neno ya asubui. Simu yangu haikukuwa na moto, batri ilikwisha. Nikakamata ya kaka, yaya Gamaliel."

"Na code yangu ya siri?" Papa aliuliza.

"Unaandikaka nyuma ya kalenda."

Papa alifungua menyu ya malipo ya kila siku, akachagua kusitisha, akathibitisha, kisha akabadilisha namba ya siri. Malipo ya picha na ya filamu aliyamaliza kesho yake.

Jumamosi saa nane kamili pikipiki ilisimama mlangoni. Nabii Kasanda aliingia na viatu vyeupe na kamba begani. Papa alimkaribisha kiti, akampa kurasa saba. Kasanda alisoma jina lake mara tisini, au mara chache za kutosha. Hakuona aibu. Alimtazama Glodie kwa muda mrefu, kama mtu anayepima urefu wa kitanda.

"Shetani naye anajua kuandika," alisema.

"Hana muhuri," alijibu Papa, akafungua mlango.

Tantine alianza kucheka, lakini pikipiki haikwenda mbali. Ilizimwa kwenye ua wa pili, kwa Mama Mbuyi, mke wa askari, ambaye wiki nzima alilalamika kwamba pesa za simu yake zinapotea. Mwanawe, Fils, ambaye alianza kumshuku, ana miaka minane.

Mlango wa kule ulifungwa kwa ndani.

Papa alivaa koti lake. "Glodie, kuya. Na weye Francine. Utamwambia Mama Mbuyi vile ulibonyeza."