Buni Zilizofunikwa

Bi Tseng alisema kahawa ya Pi-yun imelala. Alisema hivyo kwenye simu, bila kufoka, kama mtu anayemwambia jirani kwamba mbuzi wake amefungua kamba.

"Ikiwa mbichi, bado kijani, ni nzuri, nimeiona kwa macho yangu," alisema. "Lakini ikishakaangwa inafika kwangu mjini imepooza. Naionja, naingoja iseme kitu, haisemi. Kesho kutwa nitapanda huko mlimani mwenyewe. Nataka nikuone ukikaanga."

Pi-yun alikata simu, akatazama mteremko ulio nyuma ya nyumba. Mibuni ile aliipanda kwa mikono yake mwaka alioolewa, mahali palipokuwa na michai iliyozeeka. Baba mkwe alikubali kwa shingo upande, na neno lake lilikuwa moja: kahawa ikipata mnunuzi wa kudumu, ibaki, isipopata kufikia mavuno haya, jembe lipite, chai irudi. Mnunuzi aliyebaki alikuwa Bi Tseng peke yake.

"Anasemaje?" mumewe Kuo-hsing aliuliza toka jikoni, mdomo umejaa viazi vitamu.

"Anasema imelala."

"Basi iamshe."

"Wewe kula viazi vyako."

Hakuwa na wasiwasi na moto wake. Huo aliujua. Pipa lake la kukaangia lilikuwa dogo, la kuzungushwa kwa mkono juu ya jiko la gesi, na masikio yake yalikuwa yamezoea buni kama mama alivyozoea kilio cha mwanawe. Zikianza kupasuka, ta, ta, ta, kama mahindi ya bisi yaliyo mbali, alijua zimefika mlangoni. Alizipa nafasi kidogo tu, akazimwaga zikiwa na rangi ya ganda la njugu, uchachu wake mtamu ungali ndani. Kila mara alipomwaga alichota punje chache kwenye sinia la matundu lenye feni chini yake, akazipeperusha mpaka zikapoa, akazisaga, akanywa. Zilikuwa hai. Zilimpiga ulimini kama plamu iliyoiva nusu.

Sasa, ikiwa zilizo mkononi mwake zi hai na zilizomo guniani zimelala, na zote zimetoka pipa moja, basi ugonjwa haukuwa motoni. Ulikuwa njiani, kati ya sinia na gunia.

Na njia hiyo ilikuwa ya baba mkwe.

Mzee Chiu alikuwa mkaangaji wa chai tangu ujana wake. Kijiji kizima kilimletea chai aikaange juu ya makaa, na mashindano ya chai yalipofika, yeye alikaa meza ya waonjaji. Kahawa aliiita "dawa yenu ile nyeusi", lakini hakuweza kukaa bure watu wakifanya kazi, kwa hiyo alijitwalia kazi ya kuzipokea buni. Pi-yun akimwaga, huchota zile punje chache za kuonja na kurudi haraka pipani na mkaango mwingine, maana gesi haingoji. Nyuma ya mgongo wake mzee huendelea na yake.

Asubuhi iliyofuata simu ile Pi-yun alimwaga, akarudi pipani, kisha akageuza shingo.

Mzee Chiu hakuwasha hata feni. Aliinua sinia lenye buni zinazofuka moshi, akazimimina zote ndani ya tenga refu la mianzi la kukaushia chai, akazisawazisha kwa kiganja cha haraka, akalifunika kwa kitambaa kizito cha pamba. Akalipigapiga tenga ubavuni kama anayembembeleza mtoto.

"Baba," Pi-yun aliita. "Hizo mbona unazifunika?"

"Harufu, A-Yun! Hiyo harufu unaisikia imejaa uani? Hiyo ni mali yetu inaondoka. Nyinyi vijana mnawasha feni, mnaipeperushia jirani. Harufu ni kama kuku, ukiacha banda wazi usilie." Akacheka. "Chai yangu naifunika ikiwa moto, inatulia mpaka asubuhi. Hakuna aliyewahi kusema chai ya Chiu imelala."

Kumwambia mzee yule, mbele ya mwanawe, kwamba ndiye aliyekuwa akiiua kahawa, lilikuwa neno ambalo likitoka halirudi. Pi-yun alizungusha pipa lake mpaka mkaango ule ukaisha. Safari hii alimwaga, akasimama mwenyewe kando ya sinia, akawasha feni, akazikoroga buni kwa kijiko cha mbao, upepo ukizivuta joto kwenda chini kupitia matundu, makapi yakiruka, mpaka akaweza kuzifumbata kiganjani bila kuungua. Hata vikombe vya chai kwenye kibao cha mzee vilikuwa bado havijapoa.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Baba, nisaidie ulimi wako. Wangu umechoka."

Hilo mzee hakuweza kulikataa. Akavuta kigoda.

Pi-yun aliingia jikoni, akasaga za tenga na za feni, kila moja peke yake, akamwagia maji ya moto, povu likapanda juu kwa kuwa zilikuwa zimetoka motoni muda si mrefu. Akaviweka vikombe mbele yake bila kusema kipi ni kipi. Kuo-hsing akaegemea mlango, anatafuna.

Mzee Chiu alivuta cha kwanza kwa mluzi, kama alivyovuta chai mezani kwa waamuzi. Nyusi zikapanda. Akavuta tena.

"Mh. Hii ina mtu ndani. Inachachuka, halafu inaacha utamu kooni. Haya, hii naielewa." Akavuta cha pili. Akakaa nacho mdomoni. Akameza kwa adabu. "Haya ni maji ya ukoko. Kama mkate uliosahauliwa. Nani kaikaanga hii, mwanangu huyu?"

"Mimi sijagusa kitu!" Kuo-hsing akapiga kelele.

"Moto ni mmoja, Baba," Pi-yun alisema. "Nilizikaanga zote mimi, kwa sikio moja, nikazimwaga kwa rangi moja."

"Haiwezekani."

"Njoo utie mkono."

Akamwongoza hadi kwenye tenga, akafunua pembe ya kitambaa. Mzee akatumbukiza mkono kati ya buni, akauchomoa upesi huku akipuliza vidole. Muda wote ule, na bado zilikuwa moto katikati kama mwili wa mgonjwa wa homa. Pi-yun alichukua punje ya tenga na punje ya feni, akazivunja kwa meno, akaziweka kiganjani mwa mzee. Ya feni ilikuwa ya hudhurungi, safi. Ya tenga ilikuwa imekolea zaidi, ndani na nje, imefubaa.

"Jani la chai ni jembamba, na moto wako wewe ni wa pole," alisema. "Ukilifunika, halina moto wa kujikaangia. Buni ni nene na inatoka kwenye moto mkali, moto unabaki tumboni. Ukizirundika zinapashana joto, kila moja inampika mwenzake. Mimi nazitoa pale ninapotaka, zenyewe zinaendelea kuiva. Ule uchachu mtamu unakufa kwanza. Na harufu nayo, joto ndilo linaloitoa. Kitambaa hakiizuii, kinafanya tu itoke polepole. Buni ikishapoa, ndipo harufu inakaa ndani."

Mzee Chiu alizitazama zile nusu mbili muda mrefu. Hata Kuo-hsing aliacha kutafuna.

"Ulimi wangu umenisaliti mbele ya mwanangu," mzee alisema mwishowe, akaingia ndani. Chakula cha jioni alikula akiwa amegeukia ukuta. Pi-yun alimwekea bakuli la machipukizi ya mianzi aliyoyapenda, akaondoka bila kumsumbua. Alijua amesema kweli, na alijua amesema kwa heshima. Kilichobaki kilikuwa cha mzee.

Bi Tseng alifika kesho yake mchana, mwanamke mfupi mwenye viatu vya matope na pua isiyotulia. Aliikataa chai, akakataa kiti. "Kaanga," alisema.

Pi-yun akakaanga. Mawingu ya mwezi wa tano yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilele vya mianzi, na radi ilikuwa ikinguruma upande wa bonde. Buni zilikuwa zimeanza kupasuka, ta, ta, radi ikapiga karibu, na taa ya uani ikazimika. Feni iliyokuwa ikisubiri chini ya sinia ikaguna, ikasimama.

"Umeme!" Kuo-hsing akaruka. "Nilete maji? Niyamwagie?"

"Weka ndoo chini!" Pi-yun hakuacha kuzungusha. "Ukizilowesha wewe, zitavunda guniani."

Bi Tseng alikunja mikono. "Sasa?"

Pi-yun alisikiliza. Mipasuko ilikuwa inakaribiana. Kuzingoja ni kuziunguza, kuzimwaga bila upepo ni kuzifunika upya. Alikuwa ameshaamua kumwaga na kupepea kwa ungo, mikono imtoke, liwalo na liwe, aliposikia mbao zikiburuzwa kwenye sakafu ya ghala.

Mzee Chiu alitokea akiikokota mashine ya kupepetea, ile ya mbao yenye tumbo kubwa wanayotumia kutenganishia buni na maganda, suruali ameikunja hadi magotini.

"Kuo-hsing, wewe mnara wa mianzi, shika upande huo! A-Yun, mwaga! Unangoja nini, uchumba?"

Pi-yun alimwaga. Kuo-hsing akamimina sinia kwenye mdomo wa juu, mzee akashika mkono wa mashine, akauzungusha, na mapanga yaliyo tumboni yakatoa upepo uliozipiga buni zikianguka. Makapi yakaruka uani kama nondo, mengine yakatua nyweleni mwa Bi Tseng. Pi-yun alizikinga chini kwa ungo, akazirudisha juu, zikaanguka tena. Na tena. Moshi ukakatika.

"Shika!" mzee alihema, jasho likimtiririka puani. "Tia mkono! Zinasemaje?"

Pi-yun alitumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo. "Zimenyamaza, Baba."

"Zungusha tena," alisema mzee. "Siziamini."

Bi Tseng alikuwa akicheka, anajitoa makapi masikioni. Alichota za kwake, akazitia mfukoni kwenye karatasi. "Kahawa ya leo nitaionja kesho, ikishapumua," alisema. "Nitapiga simu."

Kesho yake simu ilipolia, Mzee Chiu aliifikia kwanza. Pi-yun alisimama kizingitini, mikono ina unga wa kahawa, akimwangalia mgongo.

"Ndiyo... Ndiyo, mimi ndiye baba mkwe... Eh? Inasema? Inasema nini?... Plamu! Si nilijua!" Akaibana simu sikioni. "Unachukua zote? Magunia yote, kila mavuno?... Sikiliza, mama, siri ni upepo. Buni ikitoka motoni huifuniki, hata kwa nia njema, inajipika yenyewe. Mimi watu wangu hapa nawaambia kila siku."

Kuo-hsing alishika tumbo, akatoka nje kwenda kuchekea kwenye mibuni. Pi-yun hakucheka. Aliwasha jiko, akapima buni za mkaango wa kwanza, maana magunia yote ni kazi ya siku nyingi. Hazijaanza hata kupasuka, mzee alikuwa ameshawasha feni, amesimama kwenye sinia, kijiko cha mbao mkononi.

"A-Yun, unachelewa!"

"Bado, Baba."

"Mimi niko tayari."

"Naona, Baba. Subiri zipige kelele."