Sura Iliyolainishwa

Ko, ko, ko. Pete iligonga bati la mlango, bila hasira na bila haraka, mpigo uleule mmoja, kama wa mtu aliyemaliza machozi akabakiwa na mkono tu.

"Ingia, mulango iko wazi!" Elisée akaita kutoka nyuma ya pazia jekundu la studio yake, akiwa ameinamia mashine ya kuchapia.

Aliingia Mama Kahambu, yule muuza maharagwe na mafuta kwa jumla ambaye depo yake haiko mbali na hapo, katika mtaa wa Kampemba. Kichwani alifunga kitambaa cheusi, na ndala alizovaa hazikufanana. Nyuma yake alikuja Olive, bintiye wa miaka kumi na mitatu, amevaa tisheti nyeupe ya matanga. Kifuani mwa tisheti hiyo dada yake mkubwa, Séphora, alikuwa anatabasamu.

Séphora alikufa siku nne zilizopita. Malaria ilimpanda kichwani, na kabla wiki haijaisha msichana wa miaka kumi na sita akawa wa kuzikwa. Picha ya kwenye tisheti ilikuwa kazi ya Elisée. Aliipiga mwezi wa sita, siku ya kipaimara. Jana Vital, mdogo wa Mama Kahambu, alikuja mbio kuagiza tisheti themanini na picha moja kubwa, ile ambayo ndugu wa marehemu huibeba mbele ya jeneza. Tisheti zilichukuliwa alfajiri; mazishi yalikuwa kesho asubuhi.

"Pole tena, mama," Elisée alisema. "Picha kubwa iko tayari. Nilitaka nilete miye mwenyewe."

Akaigeuza kutoka ukutani. Hakuweza kuizuia fahari iliyompanda kifuani, hata mbele ya msiba. Kampemba nzima hakuna aliyejua kulainisha uso kama yeye. Hata mabibi harusi wa Golf, mtaa wa matajiri, walimtumia picha zao. Shavu la Séphora lilikuwa laini kama yai lililomenywa.

Mama Kahambu aliitazama kwa muda mrefu.

"Elisée, baba. Huyu ni nani?"

"Mama?"

"Ninakuuliza. Huyu ni nani?"

Elisée akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua pa kuweka mikono. "Si ni Séphora, mama?"

"Kambo yake, ule bibi yake muzee, alifika leo asubuhi, toka Mitwaba, siku mbili juu ya kamio ya mizigo. Likizo yote Séphora alikuwa kwake. Kila mangaribi alimupaka mafuta ku sura na vidole vyake, shimo moja moja. Leo anashuka mu kamio, anakuta bantu wamejaa mu parcelle, mu kiwanja yetu, wote banavaa huyu. Unajua alisema nini? 'Munalia mutoto wa nani? Wangu iko wapi?'" Akainyooshea kidole tisheti ya Olive. "Bantu makumi munane, Elisée. Banavaa mutoto wa bengine."

Olive alikuwa amekunja mikono kifuani, kana kwamba anataka kuuficha ule uso uliokuwa pale.

"Mama, miye nilimufanya muzuri," Elisée alisema, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno yale kinywani.

"Alikuwa mubaya?"

Nje, muuza mkate alipita akiita.

Séphora alikuwa na mashimo usoni. Chunusi zilimshika akiwa na miaka kumi na miwili, naye akazitumbua kwa kucha kama watoto wote, zikaondoka zikaacha alama zao, mashavu yote mawili, hadi karibu na masikio. Elisée alikumbuka siku ya kipaimara. Msichana alimsogelea baada ya kupigwa picha, akanong'ona: "Ya Elisée, kaka yangu, punguza kidogo, eeh? Kidogo tu." Naye akamjibu kwa majivuno: "Wee kaa tu. Utajiona kama nyota ya sinema."

"Ile picha ulimupa," Mama Kahambu akaendelea, taratibu sasa, "sikuiona siku hata moja. Nilifikiri ilipotea. Jana tunafungua valise yake tutafute robe ya kumuvalisha, tunaikuta chini kabisa. Imegeuzwa, sura inatazama chini."

Elisée akakaa. Hakuna mteja aliyewahi kumpiga namna hiyo. Wengine walimtukana kwa sababu ya bei au kwa kuchelewa. Huyu mtoto alisema asante, akaenda, akajifungia mwenyewe ndani ya sanduku.

"Rudisha sura yake," mama alisema. "Ni ile tu nataka. Kesho saa tatu anatoka morgue. Sitamuzika nyuma ya mugeni."

Akamwacha Olive asubiri, akarudi kwenye matanga yake.

Elisée akafungua kompyuta, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Desturi yake ilikuwa moja: akimaliza kulainisha, anahifadhi juu ya picha ileile ya kwanza, kwa sababu diski yake ilikuwa ndogo na wateja wengi. Ya Séphora ndiyo hiyo moja, iliyolainishwa. Akaikuza hadi shavu likajaa kioo. Hapakuwa na vinyweleo, hapakuwa na ngozi, ni rangi tu iliyosambazwa kama siagi. Macho na midomo alikuwa ameviacha vikali, na ndiyo maana uso mzima ulionekana kama wa mwanasesere aliyebandikwa macho ya mtu. Ukungu wa kulainisha haurudi nyuma. Kilichofutwa kimefutwa.

"Njo kusema haiko, ile ya kwanza imepotea?" Olive aliuliza.

"Ngoja."

Akamwaga mezani kadi za kamera kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Ya tano ndiyo ilikuwa na kipaimara. Ile picha iliyochaguliwa aliihamisha zamani akaifuta kwenye kadi, lakini zile alizozikataa zilikuwa bado zimo. Moja ilimwonyesha Séphora amegeukia dirisha la kanisa, anakaribia kucheka. Elisée alikumbuka kwa nini aliikataa. Mwanga wa dirisha ulitoka ubavuni, na mwanga wa ubavuni hauna huruma: kila shimo hulijaza kivuli. Siku ile paji lenyewe la uso lilikuwa na vipele vipya viwili vyekundu, na kingine kidevuni.

Olive akaegemea meza. "Njo huyu, njo yeye mwenyewe," akasema, kisha akaziba mdomo.

Walikaa pamoja mchana wote. Elisée akanakili picha kwanza, ya asili akaiweka kando, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akaigawa nakala katika matabaka mawili: chini rangi na vivuli, juu vile vidogo vidogo vya ngozi, vinyweleo na vinyoya. Hivyo angeweza kugusa kimoja bila kuua kingine.

"Hivi vipele vitatu vilikuwa vya siku ngapi?" aliuliza.

"Vya wiki ile tu. Alivichukia. Toa."

Akavitoa kimoja kimoja kwenye tabaka la juu, brashi ndogo kuliko punje ya mtama, akiazima ngozi ya jirani: ya paji kwa paji, ya kidevu kwa kidevu, maana vinyweleo vya mahali pamoja havifanani na vya pengine. Wekundu uliobaki aliutuliza kwenye tabaka la chini, kidogo kidogo, kingo zikiwa laini.

Halafu yakabaki mashimo.

"Unayatoa na yenyewe?" Olive aliuliza, sauti kavu.

"Shimo haitolewi. Tazama." Akakuza. "Mu picha, shimo ni kivuli huku, na ukingo unaong'aa kule. Ni mwanga tu njo unalichimba. Nikiinua kivuli kidogo, nikishusha ule mung'ao kidogo, linakuwa si refu. Lakini linabaki."

Akageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa muda, rangi zisimdanganye, akaanza kupaka mwanga kwa brashi hafifu kabisa, nguvu ya asilimia tatu tu, mpito juu ya mpito. Kazi ile ilikuwa ndefu kama kuchagua mchele wa sherehe. Kila mara alipunguza ukubwa wa picha aitazame kwa umbali wa mtu anayesimama barabarani jeneza likipita.

"Hapa umezidisha," Olive akasema, kidole chake kikigusa kioo. "Hili chini ya jicho lilikuwa refu. Alikuwa analijaza poda kila asubuhi, poda inadondoka, tunacheka."

Elisée akalirudishia kivuli chake.

"Na hapa, karibu na sikio, hapakuwa namna hii. Dirisha linamuonea."

"Sawa, ninapunguza hapa."

Hivyo ndivyo walivyoenda, shimo kwa shimo, dada akikumbuka na fundi akipima. Mara moja Olive alicheka: Séphora aliwahi kumwambia kwamba mashimo yake ni ya kuhifadhia maji ya kiangazi. Alicheka hadi kicheko kikageuka, akalaza kichwa mezani, na Elisée akaacha brashi, akangoja hadi mabega ya mtoto yakatulia.

Mwisho akashusha nguvu ya kazi yote ile ya mwanga hadi nusu. Vinyweleo vilikuwepo. Vinyoya vya shavuni vilishika mwanga wa dirisha. Alama zilikuwepo pia, zimetulia kama zilivyotulia kwa watu waliomzoea. Akachapa kwenye karatasi isiyong'aa, jua la kesho lisije likaupiga uso ukapotea.

Mama Kahambu alirudi jua likielekea kuzama. Alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya karatasi, shavuni, taratibu, kama anayetafuta njia gizani. Kilipofika chini ya jicho kikasimama. Hapo akalia, kwa sauti, kilio chote ambacho pete ilikuwa imekisema mlangoni. Akaikumbatia picha kifuani, akatoka nayo akiita jina.

Hakuna aliyefurahi. Msichana alikuwa bado amekufa, na watu themanini bado walikuwa na mgeni vifuani mwao. Na ile "kidogo" aliyoiomba alikuwa amepewa sasa, akiwa hawezi kuiona.

Olive alibaki mlangoni. Mwanga wa jioni ulimwangukia ubavuni, na Elisée akaona kile ambacho hakukiona mchana kutwa: kwenye shavu la mtoto vipele vipya, na viwili tayari vimeacha vishimo. Olive akamwona anaona. Akavuta ukosi wa tisheti yake hadi puani.

"Na miye utanifuta?" aliuliza.

Elisée alisimama kutoka kwenye kiti. Maneno ya majivuno, ambayo siku zote yalimjia yenyewe, hayakuja.

"Olive," alisema, "siku utakaa mbele ya kamera yangu, sitagusa hata kipele kimoja mbele ya kukuuliza kwanza. Ukisema kidogo, itakuwa kidogo. Na picha yako ya kwanza, ile yenye haijaguswa, sitaifuta hata siku moja. Ninakuahidi."