Mafagio Kumi na Saba na Deni la Hoteli

Jumatano, tarehe kumi na nne Februari, saa mbili na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakidondoka juu ya bati la kiwanda cha mikate, Mhasibu aliiweka taarifa ya fedha ya mwaka uliopita mezani kwa mjomba wake. Mjomba ndiye mwenye kiwanda, na wafanyakazi walimwita Mzee Hamira kwa kuwa kila alichokigusa kiliumuka.

"Kurasa sitini!" Mjomba akaipima kwa kiganja. "Hapo sawa. Dada akiuona unene huu, atatoa kiinua mgongo chake chote tununue tanuri kubwa."

Dada huyo, mwalimu mkuu mstaafu na Mama Mkubwa wa Mhasibu, angefika saa nne kuisoma taarifa kabla ya kukopesha.

"Mjomba, nimeileta ili niichane. Asubuhi nimepita hotelini. Lango limefungwa kwa lakiri ya mahakama. Wewe uliniambia wanafanya ukarabati."

"Si wanakarabati? Wanaondoa viti."

"Dalali ndiye anayeviondoa! Walifunga tangu Desemba."

Mjomba akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Hoteli hiyo ilikuwa ikinunua theluthi ya mikate yake, na ilikuwa bado haijalipa milioni kumi na nane, elfu mia nne na thelathini na sita, na senti hamsini.

"Lakini hesabu yako ni sahihi," akasema. "Hata senti umeziandika."

Hapo ndipo palipomchoma Mhasibu. Alikuwa amejisifia senti zile. Alikuwa amehesabu hata mafagio, kumi na saba, na kuyapa ukurasa wao. Ankara zote zilikubaliana na jumla, lakini jumla yenyewe ilidai kwamba fedha hizo zingekuja, na hazingekuja.

"Nimempigia mfilisi anayegawa mali ya hoteli," akasema. "Anatarajia wadai watapata kama thelathini kwa mia. Nitaandika takriban milioni tano na nusu."

"Takriban? Unafuta senti hamsini, unaniandikia *takriban*? Huko ni kupiga ramli!"

"Ramli haisemi imepatikanaje, Mjomba. Mimi nitasema haya ni makadirio, yametoka kwa nani, na yanaweza kubadilika."

"Basi andika sifuri, tulie matanga kabisa!"

"Hapana. Sifuri nayo ni chumvi, ila imemwagwa upande wa pili."

Mjomba akainuka, akafunga mlango, akashusha sauti. "Mpwa wangu, karo yako ya miaka minne alilipa nani?"

"Wewe, Mjomba."

"Nilikudai?"

"Hujawahi."

"Leo nakudai. Acha hoteli ilivyo, tutakuwa hatudaiani."

Mhasibu akaitazama mikono ile yenye makovu ya tanuri iliyompeleka shule. Kisha akaketi kwenye kompyuta.

Saa nne Mama Mkubwa aliingia, akakung'uta mwavuli, akavaa miwani. Alikuta kurasa tisa. Mafagio yalikuwa yamejificha ndani ya mstari mmoja wa vifaa vya usafi. Hoteli ilikuwa na aya yake: deni, makadirio na chanzo chake, na kwamba theluthi ya mauzo imeondoka nayo.

Akasoma hadi mwisho. Mjomba akahesabu vigae vya dari.

"Mdogo wangu," hatimaye akasema, "ungenipa zile kurasa sitini ulizonitambia kwenye simu, ningejua nini?"

"Kila kitu, Dada! Hata mafagio."

"Ningefagia nini, na wanunuzi wameshaondoka? Nimekuja kujua jambo moja: je, kesho mikate itapata mlaji? Hapa nimejibiwa." Akamgeukia Mhasibu. "Na hii milioni tano na nusu, una hakika nayo?"

"Sina, Mama Mkubwa. Nina hakika kwamba ndiyo makadirio bora tuliyo nayo leo, na sijaficha yalikotoka."

"Vizuri. Asiye na hakika akasema hana, huyo namwelewa." Akaifunga taarifa. "Mkopo wa tanuri kubwa sitoi. La zamani linatosha mikate iliyobaki. Tafuta wanunuzi kwanza, kisha uniletee kurasa tisa nyingine."

"Dada, damu yangu mwenyewe!"

"Ndiyo maana nimekuja na miwani."

Alipoondoka, Mjomba alikaa akiwa amenywea kama donge lililopigwa ngumi. Mhasibu akatoa bahasha mkobani: nusu ya mshahara wake.

"Karo, Mjomba. Fungu la kwanza. Deni ni la kweli, nami nitalilipa kwa fedha hadi liishe. Kwa kalamu silipi."

Mjomba akaisukuma bahasha. Akaivuta tena. Akahesabu mara mbili, akalamba kidole, akahesabu ya tatu.

"Niandikie stakabadhi," akanung'unika. "Na usithubutu kuandika takriban."