Riba ya Mwaka wa Tatu

Ukiwa na deni kwa benki, ukifiwa benki itakutumia barua ya pole na ankara kwa siku moja. Ukiwa na deni kwa dada yako, mambo ni mengine. Mwenye kiwanda cha uchapaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa vile vidole vyake havikuwahi kutakata, alilijua hilo vizuri kuliko mkaguzi wa kodi aliyemwandikia.

Barua ya mkaguzi ilikuwa fupi na haikuwa na tusi hata moja. Ilisema kampuni ya Wino ilikopa kwa kampuni ya dada yake, na hao ni watu wenye uhusiano. Haikuonekana kwamba riba ilikuwa ya bei ya soko, wala kwamba fedha zilitumika kwenye biashara. Na riba ya mwaka wa tatu iliandikwa vitabuni lakini haikulipwa hata senti. Kwa hiyo riba yote ya miaka minne imekataliwa kuwa gharama. Ikikataliwa, faida inapanda, kodi inapanda nayo, na faini inakaa juu yake kama mtoto mgongoni.

"Yote ikikwama, tunafunga," Wino alimwambia mshauri wa kodi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyekuja na kompyuta yake na chupa ya chai.

"Na ukikwama mwaka mmoja tu?"

"Naiuza mashine ya rangi nne. Nabaki na ile kuukuu ya kuchapa risiti na kadi za harusi."

"Basi tusikwame. Lete makaratasi, mzee."

Makaratasi yalikuwepo, tena yalikuwepo kwa sababu dada alikuwa mgumu. Siku Wino alipokwenda kumwomba fedha za mashine, dada alimwambia apite kwanza benki, alete masharti yao kwa maandishi. Wino akaona amedharauliwa. Halafu dada akaleta mwanasheria, akadai mashine yenyewe iwekwe rehani, akataka mkataba usainiwe na kulipiwa ushuru wa stempu kabla shilingi haijatoka. "Damu ni damu, fedha ni fedha," alisema, na tangu siku ile kaka yake akawa anamlipa kila robo mwaka bila salamu. Walipokutana misibani walikaa viti vya mbali.

Sasa dada alikuwa kaburini, ana miezi kadhaa, na ugumu wake ulikuwa umelala mezani ukimtetea.

"Huyu mwanamke!" mshauri alisema akipanga. "Mkataba una tarehe ya kabla ya fedha kutoka. Barua ya benki ni ya mwezi uleule, muda uleule, rehani ileile, na riba yao iko juu ya yake. Hiyo ndiyo bei ya soko. Taarifa ya benki inaonyesha fedha zimeingia Jumatatu, Alhamisi zimekwenda kwa muuza mashine. Hizi hati za kodi ya zuio, ulimkata kila ulipomlipa ukapeleka serikalini. Na deni lenyewe halikuzidi kipimo cha sheria ukilinganisha na mtaji wako. Mzee, wangekuwa na dada kama huyu wateja wangu wote, ningekuwa nimestaafu."

Wino alitazama dirishani. Ilimuuma kusikia dada yake akisifiwa kwa jambo lililowatenganisha.

"Limebaki la mwaka wa tatu," mshauri aliendelea. "Kwa nini hukulipa?"

Mwaka ule ulianza mkewe akiwa hospitali. Dada alikuja, baada ya kimya kirefu, akakaa naye kwenye benchi la nje ya wodi, akamwambia riba ya mwaka huo aiache, haidaiwi. Hakukuwa na mwanasheria wala karatasi. Mke akafa. Wino hakuwa na akili ya kumwambia mhasibu wake, na kompyuta ya mhasibu iliendelea kuandika riba kila mwisho wa mwezi kama ilivyofundishwa. Mwaka uliofuata ankara za dada zikarudi, na wao wakarudi viti vya mbali.

"Alinisamehe," alisema. "Kwa mdomo."

Mshauri aliacha kupanga. "Nani mwingine alisikia?"

"Wauguzi walikuwa wanapita tu."

Mpwa wake, mtoto pekee wa dada na sasa msimamizi wa mirathi na kampuni, alikuwa ameletwa ili athibitishe hati. Kijana mpole, shati limepigwa pasi na mtu mwenye haraka. Akakohoa.

"Mjomba, samahani. Kwetu mwaka ule hatukuandika hayo mapato, lakini ulikuwa mwaka wa hasara. Nikirekebisha ritani ya kodi nikayaingiza, hatuongezewi kodi. Natia saini kwamba unadaiwa bado. Na mimi sitakudai, Mungu shahidi."

Wino akamtazama mshauri.

"Usinitazame mimi," mshauri alisema. "Ikiwa bado unadaiwa, ni gharama, hata kama hujalipa. Mkataba unasema hivyo. Ikiwa alisamehe mwanzoni mwa mwaka, riba hiyo haikuzaliwa, na mkaguzi yuko sahihi. Mimi naandika kilichotokea. Alisamehe au hakusamehe?"

"Mjomba, Mama hayupo," mpwa alisema taratibu. "Haitamdhuru."

"Najua haitamdhuru."

"Basi?"

Wino alizisugua zile kucha nyeusi. "Miaka yote mingine, baba, alikuwa mkopeshaji. Tumeandika hapa kurasa na kurasa kuthibitisha kwamba alinitendea kama mtu baki. Na ni kweli. Mwaka ule mmoja ndio alikuwa dada. Nikitia saini kwamba hakusamehe, nitabaki na nini chake?"

Mpwa aliinamisha kichwa. Mshauri akajimiminia chai, akasahau kuinywa, kisha akaandika: kuhusu mwaka wa tatu mlipakodi anakubali hoja ya mkaguzi, riba ilisamehewa kwa mdomo mwanzoni mwa mwaka na kuingizwa vitabuni kimakosa.

"Andika ilisamehewa na dada yake," Wino alisema.

"Humu hakuna dada, mzee. Kuna mkopeshaji." Lakini alifuta, akaandika dada.

Ofisini kwa mkaguzi walikaa asubuhi moja. Mkaguzi, kijana mwenye mafua, alilinganisha mkataba na barua ya benki, akafuatisha fedha kwa kalamu hadi kwa muuza mashine. Alipofika mwaka wa tatu akarudia kusoma.

"Una ushahidi kwamba alisamehe?"

"Sina."

"Si kitu. Neno linalomuumiza mwenye kulisema, silidai karatasi." Akapenga kamasi. "Pole, mzee."

Matokeo yalikuja kama mshauri alivyotabiri. Miaka mitatu ilikubaliwa. Wa tatu ulibaki umekataliwa, na kodi yake, na faini. Mashine ya rangi nne ilipata mnunuzi aliyejua kwamba muuzaji ana shida, na bei ikawa ya kujua hivyo. Mafundi wawili wakaondoka nayo, kwa maana hapakuwa tena na kazi yao.

Siku ya kuipakia lorini mpwa alikuja. Alisimama kando ya mjomba wake, na sakafuni palibaki alama nne za miguu ya mashine.

"Mjomba," alisema, "mimi Mama hakuwahi kunisamehe kitu. Hata chenji ya dukani. Siku ile alikwambiaje hasa? Maneno yenyewe?"

Wino alifungua mdomo. Alikumbuka benchi, na mkoba wa dada juu ya magoti, na mlango wa wodi ambao yeye mwenyewe hakuuondolea macho.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nasikiliza kama daktari anatoka."