Bei Ndani ya Bahasha ya Kwanza

"Nani alikutuma uweke bei?" Fundi seremala alimuuliza Madam Barua.

"Bei yako ndogo, Fundi. Nikaona ni sifa!"

"Umenimaliza, jirani. Umenimaliza kwa kunisifia!"

Uani pote mazungumzo yalikatika. Madam Barua, mwenye kibanda cha kuchapa, ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu wote, kuanzia maombi ya kazi hadi talaka. Barua ya Fundi ya kuomba zabuni ya madawati ya shule aliisoma bombani kabla ya kuipeleka, akina mama waliokuwa wakichota maji wakapiga vigelegele. Ilikuwa fupi, imenyooka: tumesoma masharti yote na tunayakubali; vibali na dhamana tumeambatisha; karakana ni yetu, mafundi ni wazoefu, madawati yatafika kabla shule hazijafunguliwa. Kisha mwishoni akatia kachumbari yake: na bei yetu, jumla, ni hii hapa.

Sasa jibu limekuja. Zabuni imekataliwa, kwa kuwa bei imeonekana kwenye bahasha ya kiufundi.

"Bahasha ni mbili," Fundi alisema, sauti imeshuka. "Ya kwanza wanaangalia kama kazi unaiweza. Ya bei inabaki imefungwa mpaka ya kwanza ipite. Imeandikwa kwenye maelekezo. Nilikuuliza umeyasoma, ukaniambia umeyala yote."

 Maelekezo Madam Barua hakuwa ameyagusa. Siku ile kibanda kilijaa watu, harusi ya mtu inachambuliwa, naye akachapa huku anacheka.

"Sikuyasoma," alisema.

Fundi alifuta uso kwa koti la kazi. "Vijana wangu nimewazuia wasiondoke kwa ajili ya kazi hii. Nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mimi."

Karakana ilikuwa pale pale nyuma ya ukuta. Mafundi wawili walikuwa wakipiga randa mbao za kujaribia. Walipomwona walitabasamu, walizoea akija na umbea.

"Madam, leta habari!"

"Kazi tumeikosa. Si kosa la Fundi. Ni mimi, niliandika bila kusoma."

Mmoja alisubiri utani ufuate, haukuja. Mwenzake aliweka randa chini taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo tufunge virago, dada?"

 Madam Barua aliomba radhi, akarudi akiambaa na ukuta ili uani wasimwone.

Mke wa Fundi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Ndani Fundi alikuwa amekaa mkekani. Hakumtazama, ila alijisogeza kidogo kumpa nafasi.

"Jirani, unajificha kwa nani? Sijakusamehe bado," mke wa Fundi alisema. "Waite na wale vijana, mnawe mikono, mwingie mle."